Selimundu haifuati kabila, inafuata mbu

Hotuba hii niliitoa Mwanza mbele ya wazazi, vijana na wahudumu wa afya, tulipokutana kuadhimisha Siku ya Selimundu Duniani. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazazi wenzangu, vijana, wauguzi na matabibu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wenu mmeulizwa, na wengine mmejiuliza wenyewe usiku wa manane mkiwa na mtoto wodini: kwa nini sisi? Kwa nini watu wa ziwa? Watoto wachanga walipopimwa hapa Kanda ya Ziwa, takribani mmoja kati ya watano alikutwa anabeba kinasaba cha selimundu. Mmoja kati ya watano! Ukipanda nyanda za juu zenye baridi, idadi hiyo inaporomoka. Basi watu wamejipatia jibu la haraka. Wanasema ni ugonjwa wa kabila fulani, ni damu ya ukoo fulani, na wengine wanasema ni ugonjwa wa mtu mweusi. Nimeshasikia posa ikirudishwa kwa maneno hayo, kabla hata mtu hajapimwa.

Jibu hilo ni la uongo, ndugu zangu, na linaumiza watu. Leo nataka tulivunje pamoja.

Tuanze kwa kukubaliana maneno. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kinasaba kinachotengeneza himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Nakala moja umepewa na baba, nyingine na mama. Ya kawaida tunaiita A, ya selimundu tunaiita S. Mwenye AA hana kitu. Mwenye SS ni mgonjwa, na ninyi mnaujua ugonjwa huo kuliko mimi. Mwenye AS ni mbebaji: ni mzima, anafanya kazi zake, anaweza kuzeeka bila kujua. Leo ninazungumzia hasa huyo mbebaji, kwa sababu siri yote iko kwake.

Mwaka 1949 kijana mmoja aitwaye Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyekulia Kenya, aliungana na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya. Wenzake walikwenda kukusanya mimea na wadudu. Yeye alikwenda kukusanya damu. Lengo lake lilikuwa kujua, kwa kutumia makundi ya damu, jamii za Kenya zina undugu gani baina yao. Angalieni hapo: alianza na swali la kabila, swali lilelile la majirani zetu. Pamoja na makundi ya damu akapima pia selimundu, kwa kipimo ambacho baadhi yenu mmekiona maabara. Unachukua tone la damu, unalichanganya na dawa inayoondoa oksijeni, unalifunika kwa kigae chembamba cha kioo, unasubiri, halafu unatazama kwenye hadubini. Chembe za mwenye AA zinabaki mviringo. Za mwenye S zinaanza kujikunja na kuchongoka huku na huku.

Ramani aliyoipata ilimshangaza. Pwani, na huku kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria, wabebaji walifika asilimia 20 hadi 30, na mahali pengine zaidi. Nyanda za juu na sehemu kavu, hawakufika hata asilimia moja.

Sasa nawauliza: ni kabila gani lingeweza kuchora ramani hiyo? Wagiriama wa pwani na Wakikuyu wa milimani lugha zao ni ndugu, zote za Kibantu. Lakini Wagiriama walikuwa nayo kwa wingi, na Wakikuyu karibu hawakuwa nayo. Njoo ziwani. Wajaluo na Waluhya ni majirani, lakini lugha zao hazina undugu wowote. Mmoja ni Mniloti, mwingine ni Mbantu. Na wote wawili wanayo kwa wingi! Undugu wa lugha ulikuwa hauelezi chochote. Kilichoeleza ni mahali.

Uganda nako, katika miaka hiyohiyo, watafiti Lehmann na Raper walipima jamii moja baada ya nyingine. Kwa Baamba, wanaoishi bondeni chini ya milima ya Ruwenzori, wabebaji walizidi asilimia 40. Jamii nyingine za Uganda hiyohiyo karibu hazikuwa nayo kabisa. Nchi moja, rangi moja, mwendo wa siku chache.

Mahali pana nini? Pana joto, pana maji yaliyotuama, pana mbu. Allison aliona kwamba ramani yake ya selimundu ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria. Lakini kuona ramani mbili zinafanana hakutoshi. Alimaliza masomo, na mwaka 1953 akarudi Afrika Mashariki kupima wazo lake. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati yao 43 walikuwa wabebaji, na 12 tu kati ya hao walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, sawa na asilimia 28 hivi. Wasio wabebaji walikuwa 247, na 113 walikuwa na vimelea, karibu asilimia 46. Alifanya pia jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu: wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu wabebaji na nusu si wabebaji, waliambukizwa malaria kwa makusudi kisha wakatibiwa. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 waliota vimelea. Kati ya 15 wabebaji, ni wawili tu.

Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walifuatilia watoto kwa muda mrefu na kuliweka jambo hili wazi zaidi. Kwa mbebaji, homa ya kawaida ya malaria inapungua kama nusu. Kulazwa hospitali kwa malaria kunapungua kama asilimia 75. Na malaria ile kali, ya degedege, ya kupoteza fahamu, ya kuishiwa damu, inapungua karibu asilimia 90. Mmeona mpangilio huo? Kinasaba hakimzuii mbu kuuma, wala hakimzuii mtoto kuambukizwa. Kinazuia mtoto kufa.

Kinazuiaje? Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu. Humo kinakula, kinakua, kinazaliana, kisha kinaipasua chembe na kuvamia nyingine. Kikiwa ndani ya chembe ya mbebaji, mambo yanakiharibikia. Chembe hiyo ikipita penye oksijeni kidogo inaanza kujikunja, bandama inaitambua na kuiondoa, na kimelea kinakuwa kama mpangaji aliyevunjiwa nyumba kabla hajashusha vyombo. Tena, penye oksijeni kidogo kimelea ndani ya chembe ya AS kinadumaa. Na kuna jambo la tatu: kimelea hupenda kuweka vinundu juu ya chembe ili inate kwenye mishipa midogo, hasa ya ubongo. Chembe ya AS inabeba vinundu hivyo vibaya, haishiki sawasawa. Ndiyo maana degedege inapungua sana kuliko homa.

Hapa naomba nisimame kidogo niseme na wazazi wa watoto wa SS. Maneno haya ya kinga ni ya AS, si ya SS. Mtoto mwenye SS akipata malaria yuko hatarini kuliko mtoto wa kawaida, kwa sababu damu yake tayari ni pungufu na bandama yake imeshachoka. Msitoke hapa mkisema daktari kasema selimundu inakinga malaria. Chandarua kila usiku, dawa ya kinga kama mlivyoelekezwa, na homa ikipanda, hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nataka tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonisadikisha mimi. Msiogope, ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Chukueni kijiji kando ya ziwa, zamani, kabla ya dawa na chandarua. Wamezaliwa watoto 1,000. Tuseme kati ya nakala zote za kinasaba, moja kati ya kumi ni S. Watoto watagawanyika hivi: 810 ni AA, 180 ni AS, 10 ni SS. Wale 10 wa SS, kwa enzi hizo, tuseme wote wanafariki utotoni. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Pamoja nao zimepotea nakala 20 za S. Ikiwa kila kizazi kinapoteza S namna hiyo, si ilipaswa kutoweka zamani?

Sasa mlete mbu. Malaria inawapiga hasa wale 810 wasio na kinga. Tuseme inawaua 90, yaani mmoja kati ya tisa. Wanabaki 720 wa AA na 180 wa AS, jumla watoto 900 wanaokua na kuja kuzaa. Watoto 900 wana nakala 1,800. Za S ni ngapi? Ni 180. Yaani moja kati ya kumi. Tumerudi palepale tulipoanza! Kizazi kinachofuata ni hivyohivyo, na kinachofuata ni hivyohivyo. S haipungui wala haiongezeki, kwa sababu kila mtoto wa SS aliyefariki amelipiwa na watoto ambao malaria iliwaacha.

Kipandisheni sasa kijiji hichohicho mlimani, penye baridi, pasipo mbu wa malaria. Watu ni walewale, ukoo ni uleule. Watoto 10 wa SS wanafariki, lakini wale 810 wote wanakua. Nakala za S ni 180 kati ya 1,980. Hiyo ni moja kati ya kumi na moja. Kizazi kinachofuata, moja kati ya kumi na mbili, kisha moja kati ya kumi na tatu. Baada ya vizazi kumi, ambayo ni kama miaka 250, S imebaki nusu tu. Baada ya miaka elfu kadhaa, unaikuta kwa mtu mmojammoja. Watu hawakubadilika kabila. Walihama mbu.

Na hesabu hii inatupa jambo jingine: S inashuka polepole sana. Kwa hiyo ukitaka kuielewa ramani ya selimundu, usitazame malaria ya leo. Tazama malaria ya mababu.

Twendeni Ugiriki. Ndiyo, Ugiriki ya Ulaya. Kuna mji mdogo uitwao Orkomenosi, kando ya lililokuwa Ziwa Kopaisi, ziwa la maji ya kina kifupi na matope, lililokaushwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Wataalamu walipopima watu wa pale katika karne ya 20, walikuta wabebaji wengi, karibu sawa na sisi hapa. Wagiriki, watu weupe, wanene kwa wembamba, wakulima kama wakulima wetu. Malaria ilitokomezwa Ugiriki katika miaka ya 1970, ziwa lenyewe halipo, lakini kinasaba bado kipo. Je, hao nao ni wa kabila letu?

Twendeni Saudi Arabia. Mashariki ya nchi ile kuna oasisi za Katifu na Ahsaa, penye chemchemi na mashamba ya mitende, na maji hayo yalilea mbu kwa karne nyingi. Pale selimundu ni ya kawaida. Ukiingia jangwani kati, wabebaji wanakuwa wachache. Wote ni Waarabu, wote wanazungumza lugha moja, wanaswali kwenye kibla kimoja. Tofauti yao ni maji. India nako wanayo sana watu wa asili wa misituni na milima ya kati, na mwaka 1952 iliripotiwa kwa mara ya kwanza huko Nilgiri, kusini.

Halafu geukeni mtazame kusini mwa Afrika. Waksosa ni Waafrika weusi, Wabantu, lugha yao ina undugu na Kisukuma na Kiswahili chetu. Wanaishi kusini ambako malaria haikukita mizizi. Selimundu kwao ni nadra sana.

Sasa liwekeni pamoja. Mgiriki wa Orkomenosi anayo, Mksosa hana. Kama ungeuliza rangi, ungekosea kwa wote wawili. Kama ungeuliza mbu, ungepata kwa wote wawili.

Hilo wazo la rangi lilitoka wapi? Mwaka 1904 kijana aitwaye Walter Noel alitoka kisiwa cha Grenada kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Akawa anaumwa mara kwa mara, kifua, vidonda vya miguu, upungufu wa damu. Hospitali walipotazama damu yake waliona chembe zilizopinda, na mwaka 1910 daktari James Herrick akachapisha maelezo yake. Noel alirudi kwao, akafanya kazi ya meno, akafariki mwaka 1916. Wagonjwa waliofuata kuandikwa Marekani wengi walikuwa weusi, kwa sababu mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka maeneo ya malaria ya Afrika Magharibi na Kati. Madaktari wakaandika kwamba ni ugonjwa wa mtu mweusi. Na alipotokea mgonjwa mweupe, Mgiriki au Mtaliano, baadhi yao hawakusema tumekosea. Walisema lazima ana babu mweusi aliyefichwa! Ushahidi ukawa unapindishwa ili wazo lisimame. Ninaona hili liliwagharimu watu wa pande zote mbili: weusi walibandikwa alama, na weupe waliokuwa wagonjwa walichelewa kupata jina la ugonjwa wao.

Niwe mkweli pia juu ya mipaka ya maelezo yangu. Malaria haiumbi kinasaba. S ilizuka kwa bahati, kosa dogo katika kunakili, asidi amino moja katika nafasi ya sita ya mnyororo wa himoglobini. Malaria inaamua tu kama kosa hilo litapotea au litabaki. Ndiyo maana kuna maeneo ya malaria yasiyo na S. Kusini mashariki mwa Asia wana himoglobini E, Burkina Faso na kaskazini mwa Ghana wana himoglobini C, na kwingineko kuna thalasemia. Kila mahali palishika silaha iliyofika pale. S ikishafika, watu wanapoolewa na kusafiri inasafiri nao. Wataalamu wanaweza kusoma vinasaba vya jirani na S na kujua imetokea upande gani. Kwa Waomani, ambao wengi wetu tuna ndugu kwao, wanakuta alama za Afrika Magharibi, alama za Wabantu na alama za Uarabuni na India, zote katika nchi moja. Bahari ya Hindi na majahazi yake imeandikwa ndani ya damu.

Nimalizie na jambo la kufanyia kazi, maana mnatoka hapa kwenda nyumbani.

Kabila halikupi majibu, hivyo usipime kwa jina la ukoo. Mchaga wa mlimani aliyezaa na Msukuma wa Misungwi anaweza kuwa na mtoto mwenye AS. Mtoto wa Kihindi au wa Kiarabu mwenye maumivu ya mifupa na macho ya njano anaweza kuwa na SS, na mhudumu anayetazama sura atapitwa na jambo hilo. Wauguzi, nawaomba, mtu wa asili yoyote apimwe.

Na apimwe kipimo kinachojibu swali. Kile cha haraka cha kuona chembe zikijikunja kinakwambia S ipo au haipo. Hakikwambii kama ni AS au SS! Nimekutana na watu wazima waliotangaziwa kuwa ni wagonjwa kumbe ni wabebaji wazima kabisa, na uchumba ukavunjika kwa karatasi hiyo. Tena kwa mtoto mchanga kipimo hicho kinaweza kusema hakuna kitu, kwa sababu miezi ya mwanzo bado ana himoglobini ya tumboni inayoificha S. Ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kile cha elektroforesisi au cha mashine yenye uwezo huo, kinachoandika wazi AA, AS au SS. Vijana mnaotaka kuoana, karatasi hiyo muwe nayo wote wawili. Mkikuta mmoja ni AS na mwingine AA, hakuna mtoto wenu atakayekuwa SS. Mkikuta wote ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS, na hapo mnakaa na mshauri, mnaamua mkijua.

Meza ya vipimo iko pale chini ya mwembe, na wataalamu wameshafika. Sasa nasikiliza maswali yenu.